Kilemba, miezi sita kwa mpigo na ya dalali: kipi ni halali?

"Nimepata fremu Mwanga hapa Kigoma, nataka kufungua duka la vipodozi. Mwenye nyumba anataka 120,000 kwa mwezi, nilipe miezi sita kwa mpigo. Mpangaji anayetoka anadai kilemba cha 800,000, anasema mwenye nyumba anajua. Dalali naye anataka mwezi mmoja. Ndugu yangu ananiambia serikali ilishapiga marufuku kilemba na kodi ya miezi mingi. Je, ni kweli? Na nikitolewa mapema, hela yangu inarudi?"

Ndugu yako hajakosea kabisa, ila anaikumbuka sheria ambayo haipo tena. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ndiyo iliyokuwa inamfunga mikono mwenye nyumba: iliweka viwango vya pango na kumzuia kudai malipo ya pembeni juu ya pango hilo. Bunge liliifuta mwaka 2005 kwa Sheria Namba 11 ya mwaka huo. Tangu hapo, kwa Tanzania Bara, pango la fremu au chumba linaongozwa na Sheria ya Ardhi (Sura ya 113) na Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), na hakuna humo kifungu kinachoweka kikomo cha miezi ya kulipa mbele wala kinachotaja kilemba kuwa kosa. Kauli za viongozi dhidi ya kodi ya miezi sita zimesikika mara nyingi, lakini kauli ya jukwaani si sheria, na huwezi kuipeleka barazani ikakurudishia shilingi. Vilevile ukisoma mtandaoni kwamba kilemba kimekatazwa, angalia kwanza unasoma habari za nchi gani. Kenya wanayo bado sheria yao ya kudhibiti kodi, nayo inahusu nyumba za kuishi za pango dogo, haihusu fremu yako ya Mwanga.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kila shilingi unayotoa inakwenda kwa nani, kwa kubadilishana na nini, na karatasi inasemaje. Jumla unayoombwa ni 720,000 ya pango, 800,000 ya kilemba na 120,000 ya dalali, yaani 1,640,000. Hizo ni fedha tatu tofauti zenye wapokeaji watatu tofauti, na kila moja ina hukumu yake. Kosa linalowaumiza wapangaji wengi ni kuzitoa zote siku moja, mkononi mwa mtu mmoja, na kupewa kikaratasi kilichoandikwa "nimepokea 1,640,000 ya fremu". Karatasi hiyo haimsaidii mtu. Ukitolewa mwezi wa tatu, mwenye nyumba atasema yeye alipokea laki saba na ishirini tu, mpangaji aliyetoka atasema zake zilikuwa za rafu, na dalali hutamwona tena.

Tuanze na pango la miezi sita, maana ndilo jepesi. Ni halali mkikubaliana. Pango la mbele ni pango tu lililolipwa kabla ya siku zake, na kila mwezi unaopita unakula sehemu yake. Hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Mwenye nyumba akikutoa bila wewe kuvunja masharti, au akatokea ndugu mwenye haki na nyumba ukalazimika kuondoka, miezi ambayo hukuitumia amepokea hela yake bila kukupa kitu. Ukitolewa mwisho wa mwezi wa pili, ni miezi minne, yaani 480,000, na juu yake unaweza kudai hasara iliyotokana moja kwa moja na kutolewa huko kwa mujibu wa kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba: gharama ya kuhamisha mzigo, kwa mfano, au rangi uliyopaka juzi.

Ukiondoka mwenyewe kwa sababu biashara haikwenda, mambo yanageuka. Hapo wewe ndiye unayevunja mkataba na hakuna kinachomlazimisha mwenye nyumba kukurudishia moja kwa moja. Una hoja moja tu ya maana: kifungu hichohicho cha 73 kinataka njia zilizokuwepo za kupunguza hasara zizingatiwe. Kama fremu ilipata mpangaji mwingine baada ya wiki tatu, mwenye nyumba anapata shida kueleza kwa nini abaki na pango la watu wawili kwa miezi ileile. Lakini hiyo ni hoja ya kubishania barazani, haina uhakika wa hela mkononi. Uhakika unapatikana kwa kuandika sharti kabla hujalipa, na sharti lenyewe halizidi sentensi mbili:

"Mpangaji akiondolewa au akilazimika kuondoka kabla ya muda kwa sababu isiyotokana na yeye, mwenye nyumba atarudisha pango la miezi isiyotumika ndani ya siku 14. Mpangaji akitaka kuondoka kwa hiari atatoa notisi ya mwezi mmoja, na pango la miezi itakayobaki baada ya notisi litarudishwa fremu itakapopata mpangaji mwingine."

Angalia pia namna pango linavyoandikwa. Andikeni "pango ni shilingi 120,000 kwa mwezi, litalipwa kwa awamu ya miezi sita", msiandike "pango ni 720,000" basi. Maneno ya kwanza yanaonyesha thamani ya kila mwezi, na ndiyo yatakayotumika kupiga hesabu ya kurudishiana. Kisha andikeni mkataba unaanza lini na kuisha lini, na kila upande utoe notisi ya muda gani. Muda ukiisha nawe ukaendelea kukaa na kulipa kwa ridhaa yake bila mkataba mpya, Sheria ya Ardhi inakuhesabu kuwa mpangaji wa kipindi hadi kipindi. Upangaji wa namna hiyo hauvunjwi kwa kufuli la usiku, unavunjwa kwa notisi isiyopungua urefu wa kipindi chenyewe. Mkiwa mmeandika urefu wa notisi tangu mwanzo, hamtabishana kama kipindi ni mwezi au ni miezi sita.

Sasa kilemba, ambako ndiko hela nyingi zinapopotelea. Neno ni moja lakini ndani yake mna vitu viwili au vitatu, na kazi yako ya kwanza ni kuvitenganisha. Mkalishe mpangaji anayetoka mhesabu pamoja anachokuachia. Tuseme anaacha rafu za mbao ukutani, kaunta ya kioo, geti la chuma la kukunja na nyaya za taa alizovuta mwenyewe, na mkikadiria kwa bei ya vitu vilivyotumika vinafika 350,000. Hiyo ni biashara ya kuuziana vitu, ni halali, na inaandikwa kama mauziano: kitu kimoja kimoja, bei yake, saini zenu na tarehe. Kuwa mwangalifu na geti na nyaya, kwa sababu kilichofungwa ukutani mara nyingi mwenye nyumba hukihesabu kuwa cha jengo. Muulize mwenye nyumba, mpangaji huyo akiwepo, kama ana ruhusa ya kuvitoa. Kama hana ruhusa ya kuvitoa, basi hana ruhusa ya kukuuzia.

Baada ya vitu kubaki pembeni, 450,000 iliyosalia ni ya "nafasi", yaani anauza kule kuondoka kwake na wateja aliowazoesha. Hiyo nayo si haramu yenyewe kwa yenyewe. Inakuwa na nguvu ya kisheria ikiwa anayeiuza ana kitu cha kuuza, na mpangaji peke yake hana. Sheria ya Ardhi inaingiza katika mikataba ya pango sharti kwamba mpangaji hatamwachia mtu mwingine eneo bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba. Kwa hiyo yale maneno "mwenye nyumba anajua" ndiyo unayopaswa kuyashika kwa nguvu zote. Kujua si kuridhia, na kuridhia kwa mdomo siku ya kulipana si saini. Kama mwenye nyumba hakuridhia, umemlipa mtu kwa ahadi asiyoweza kuitimiza. Unaweza kumdai akurudishie: kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba kinamtaka aliyepokea manufaa chini ya makubaliano yaliyobainika kuwa batili ayarudishe. Ila utamdai yeye, na yeye kwa wakati huo anaweza kuwa ameshavuka kwenda Uvira au Bujumbura na mtaji wako.

Na hata ridhaa ikiwepo, elewa jambo moja kabla hujatoa hela. Mwenye nyumba hawajibiki kwa fedha asiyoipokea. Akikutoa baada ya miezi sita mkataba ulipoisha kwa haki, hana deni lako la kilemba, na aliyekipokea naye alishakuachia nafasi kama mlivyopatana. Kilemba, tofauti na pango, hakiliwi mwezi kwa mwezi, kikishatoka kimetoka. Ndiyo sababu urefu wa mkataba wako na mwenye nyumba ndio unaoamua kama kilemba kina maana au la. Piga hesabu hivi: 450,000 ukiigawa kwa miezi sita ni 75,000 kwa mwezi, maana yake fremu ya 120,000 unaikalia kwa 195,000. Ukiwa na mkataba wa miaka miwili, 450,000 hiyohiyo ni 18,750 kwa mwezi, na pango lako halisi ni 138,750. Mtu anayekuomba kilemba cha nafasi huku mwenye nyumba anakupa miezi sita tu anakuuzia kitu ambacho hana uwezo wa kukuhakikishia. Tungekushauri usitoe hata senti ya sehemu hiyo mpaka mwenye nyumba asaini mkataba wa miaka miwili, au wa mwaka mmoja wenye haki yako ya kuongeza mwaka wa pili kwa pango lililotajwa. Mkataba usiozidi mwaka mmoja sheria inaukubali hata wa mdomo. Unaozidi hapo uwe wa maandishi.

Kuna mahali ambapo kilemba hakifai kulipwa kabisa, nawe uko karibu napo. Kama hiyo "fremu" ni kibanda au kizimba cha soko la Manispaa ya Kigoma Ujiji, mwenye eneo ni halmashauri, na anayekuuzia ni mpangaji wa halmashauri tu. Jina litakalobaki kwenye rejesta ni lake, risiti za ushuru zitatoka kwa jina lake, na siku ya uhakiki wewe ndiye utakayeonekana mvamizi. Nafasi ya soko inaombwa kwa halmashauri yenyewe, inalipiwa kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti inatoka kwa jina lako. Ofisa yeyote akikudai "ya kukuwekea jina" pembeni ya hapo, hicho hakiitwi kilemba. Ni rushwa, ni kosa kwa mtoaji na mpokeaji, na ni jambo la kupeleka TAKUKURU. Nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa ziko kwenye kundi hilihili: mpangaji hana ruhusa ya kukupangisha wewe bila shirika.

Tofautisha pia kilemba na dhamana. Wenye nyumba wengine huomba mwezi mmoja wa "uharibifu". Hiyo ni fedha yako inayokaa kwake, na inarudi ukiondoka bila deni na bila kuvunja kitu. Ikiandikwa "kilemba" imekwenda, ikiandikwa "dhamana itakayorudishwa" unaidai. Neno moja kwenye risiti ndilo linaloamua.

Ya dalali haina mengi. Mwezi mmoja ni desturi, si sheria, kwa hiyo inajadiliwa. Anastahili kulipwa kazi yake ikikamilika, yaani mkataba umesainiwa na ufunguo uko mkononi mwako. Usimpe kabla, na usikubali apokee pango kwa niaba ya mwenye nyumba. Kama alikudanganya kuhusu jambo lililokufanya ukubali, mfano alisema fremu ni ya mtu ambaye siye, unaweza kumdai.

Fedha moja hujaitaja na ni lazima uijue, kwa sababu unafungua biashara. Mtu anayelipa pango la biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, wewe ni mkusanyaji tu, lakini usipoikata deni linakugeukia wewe. Kwa 720,000 unakata 72,000, unamkabidhi mwenye nyumba 648,000 na baadaye uthibitisho wa kodi iliyolipwa kwa jina lake. Wengi watakujibu, "mimi nataka laki saba na ishirini mkononi." Akisema hivyo na ukakubali, ujue pango limepanda: ili 720,000 ibaki baada ya kukata asilimia 10, pango lenyewe lazima liwe 800,000, na kodi ni 80,000. Bora mlijue hilo mkiwa mnapatana bei kuliko siku umeenda kuombea leseni ukaulizwa mkataba na malipo ya zuio.

Pamoja na hiyo, mkataba unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa pango la 1,440,000 kwa mwaka ni 14,400. Watu huukwepa kwa sababu ya udogo wake, kisha unawagharimu: mkataba usio na stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Ukiwa na mkataba mzuri usiolipiwa, siku ya shauri mtaanza kwa kubishania karatasi badala ya pango.

Utaratibu wa siku ya malipo uwe huu. Kwanza hakikisha anayejiita mwenye nyumba ndiye. Mwombe hati, ofa au karatasi ya mauziano, kisha uliza kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwa majengo ya urithi, na Ujiji na Mwanga yapo mengi, kaka mkubwa anayekusanya pango si lazima awe mwenye mamlaka. Anayepangisha kwa usalama ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au warithi wote wakisaini. Kesi za kutolewa mwezi wa tatu mara nyingi zinaanzia hapo: ndugu mmoja kapokea, wengine wanne hawakuona kitu.

Pili, mkutane watatu, wewe, mwenye nyumba na mpangaji anayetoka, mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Mwenye nyumba asaini mkataba wako mpya kwanza. Kisha yeye na mpangaji wasaini karatasi ya pili yenye maneno kama haya: "Mimi, mwenye nyumba, nimeridhia mpangaji aliyepo kuacha fremu na kumpisha mpangaji mpya. Natambua kuwa mpangaji mpya amemlipa 350,000 kwa vitu vilivyoorodheshwa, na 450,000 kwa kuachiwa nafasi. Sitadai vitu hivyo kuwa vya jengo." Ukiweza kumfanya aongeze kwamba akivunja mkataba kabla ya muda atafidia sehemu ya 450,000 kwa uwiano wa miezi iliyobaki, utakuwa umejikinga vizuri sana. Chini ya mkataba wa miaka miwili, akikutoa baada ya miezi sita, sehemu hiyo ni miezi 18 mara 18,750, yaani 337,500.

Tatu, lipa kwa benki au kwa simu, kila mtu kwa namba yake na kiasi chake, na tunza ujumbe wa muamala. Kabla mpangaji hajaondoka, soma mita ya LUKU pamoja naye na uulize kama ina deni, na uone bili ya mwisho ya maji.

Mambo yakiharibika, njia ni mbili kutegemea unadai nini. Mgogoro wa kukaa au kutolewa kwenye fremu unaanza Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa linakupa cheti, na kwa cheti hicho unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hapohapo Kigoma. Kabla siku hizo 30 hazijaisha, bila cheti shauri lako halitasikilizwa, kwa hiyo kidai kwa maandishi usuluhishi ukishindikana; zikiisha bila suluhu, unaweza kufungua shauri hata bila cheti. Ukiwa unamdai mpangaji aliyetoka hela ya kilemba peke yake, na hugusi haki ya kukaa, hilo ni deni la mkataba na Mahakama ya Mwanzo inaweza kulisikiliza. Huko utaombwa vitu vitatu: karatasi ya makubaliano, ujumbe wa muamala, na shahidi aliyekuwepo mlipolipana.